Kukadiria Siku za Kazi kwa Daftari la Kazi Zilizopita
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mugumu)

Tumeombwa kusema machache juu ya swali ambalo kila karani huulizwa kila siku, nalo ni hili: Kazi hii itakwisha lini? Tutalijibu kwa habari ya kazi moja tu, ambayo hapa kwetu inajulikana sana.

Sisi sote twajua ya kuwa tembo wa Serengeti, na wa mapori ya Ikorongo na Grumeti, hawasomi ramani. Mtama na mahindi yakikaribia kukomaa huvuka mpaka usiku, na asubuhi mkulima hukuta mabua yamelala chini. Kwa kanuni za mwaka 2011 mkulima huyo hupata kifuta jasho. Na aliyeumizwa, au jamaa wa aliyeuawa, hupata kifuta machozi. Lakini kabla ya hayo lazima shamba likaguliwe, ekari zipimwe, fomu ijazwe, na mtendaji wa kijiji atie sahihi. Katika ofisi moja tuliyopata kutumikia, fomu za kijiji zilikusanywa katika jalada moja, zikaandikwa orodha, kisha wakulima wakaitwa siku moja kuhakiki majina na ekari zao kabla jalada halijapelekwa mbele.

Siku hiyo ya kuitwa tuliitaja sisi. Tulihesabu hivi: siku 2 za mashambani, siku 3 za kuandika, siku 2 za kulinganisha hesabu, siku 1 ya sahihi, na siku 2 za akiba, jumla siku 10. Basi wakulima waliambiwa siku 10. Wakaja, nalo jalada halijawa tayari, wakaambiwa warudi. Mara ya tatu mama mmoja mzee alitujibu kwa upole: "Mwanangu, kama ni siku arobaini, niambie arobaini. Ukisema kumi, siku ya kumi naacha shamba bila mlinzi nije kwako." Katika siku zile tatu alizokuja bure, nyani walikuwa wamemaliza kile kilichosazwa na tembo.

Maneno yale yalitutia haya, tukafungua daftari la kupokelea barua. Humo tuliona tarehe ambayo kila jalada lilianza, na tarehe ambayo wakulima walihakiki. Majalada yalikuwa 9, kila moja lina fomu baina ya 35 na 50, hata yalifaa kulinganishwa. Tukaziandika siku zake kutoka chache hadi nyingi: 12, 14, 15, 17, 18, 21, 23, 30, 44. Hakuna hata moja lililokwisha kwa siku 10! Na sisi tulikuwa tumeyafanya yote 9 kwa mikono yetu wenyewe, na kila mara tulisema kumi.

Kosa lilikuwa wapi? Tulichukua jalada la siku 23 tukalichambua. Kazi ya mikono yetu ilikuwa siku 9 tu, pungufu hata ya tulivyodhani. Lakini siku 6 tulingoja gari la kwenda mashambani, siku 5 tulingoja mtendaji aliyekuwa safarini, na siku 3 zilipotea kwa fomu zilizorudishwa kwa kuwa ekari hazikuafikiana. Tuliponuia kukadiria, tulihesabu kazi, hatukuhesabu kungoja. Maana mtu huona mbele yake hatua anazozijua, wala haoni vizuizi ambavyo havijapata jina. Daftari halijui jina la kizuizi cha kesho, lakini limekwisha kuhesabu siku ambazo vizuizi hula.

Msidhani kosa hili ni la makarani peke yao. Bwana Daniel Kahneman, mtaalamu wa elimu ya nafsi aliyepewa tuzo ya Nobeli mwaka 2002, amesimulia ya kuwa zamani alikuwa katika kamati iliyotunga kitabu cha shule huko Israeli. Wote walikisia ya kuwa kazi itakwisha kwa muda wa miaka 2 hivi, pamoja na mjuzi mmoja wa mitaala aliyekuwamo. Kisha mjuzi huyo akaulizwa: kamati nyingine ulizoziona zilichukua muda gani? Akafikiri, akajibu ya kuwa karibu 40 katika kila 100 hazikumaliza kabisa, na zilizomaliza zilichukua miaka 7 hadi 10. Kitabu chao kilichukua miaka 8. Jibu lilikuwa kichwani mwake tangu mwanzo, ila hakulitazama mpaka alipoulizwa.

Turudi kwa orodha yetu. Namba ya katikati ni 18. Tukimwambia mkulima siku 18, ni kama kurusha sarafu, kwa maana majalada 4 kati ya 9 yalipita hapo. Lakini ndani ya siku 30 yalikwisha majalada 8 kati ya 9. Basi twatumia namba mbili: 18 kwa kupanga kazi zetu wenyewe ofisini, na 30 kwa kumwahidi mtu ambaye ataacha shamba lake. Jalada lililofuata tuliliahidi kwa siku 30, likawa tayari kwa siku 26. La pili yake lilichukua 34, nasi tukatuma habari kijijini mapema. Ahadi ya namna hii bado huvunjika mara moja moja, lakini haivunjiki kila mara.

Yako mambo matatu ya kuangaliwa. Kwanza, tulishawishika kuifuta ile 44, tukisema ilikuwa masika na barabara ya udongo mweusi haikupitika. Lakini kila jalada lililochelewa lina udhuru wake. Tukizifuta zote zenye udhuru, tutarudi kwenye kumi. Kama jalada jipya laja wakati wa masika, ni halali kutazama ya masika peke yake; ila kwetu yalikuwa 3 tu, na namba 3 ni shahidi dhaifu.

Pili, majalada ambayo hayajakwisha nayo yaandikwe, pamoja na siku zilizokwisha kupita. Ukihesabu yaliyomalizika tu, unawaacha nje wazito wa mwendo, na daftari lenyewe litakudanganya.

Tatu, kazi ikibadilika, namba za zamani hupungua thamani. Ofisi ikipata pikipiki yake, kungoja gari kumekwisha. Na jalada likija lenye fomu 200, msizidishe siku zote mara tano. Zidisheni siku za mikono, kwa maana mtendaji aliye safarini hukawia vile vile kwa fomu 40 na kwa fomu 200.

Kwa kazi hii hatuhitaji chombo kipya. Katika daftari tumeongeza nafasi tatu: siku tuliyokisia, siku iliyokuwa kweli, na tulichokuwa tukingoja. Mama yule alirudi tena msimu uliofuata, tukamwambia siku 30. Alihesabu kwa vidole, akasema, "Hapo nitakuwa nimekwisha kuvuna," akaenda zake.