Funga Kitabu, Toa Kichwani
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Rhonda, Nakuru)



Mlituomba tuzungumze juu ya jambo linalowasumbua: mtoto anakesha na daftari, lakini alama hazipandi. Sisi wa Rhonda twajua hali yetu. Wengi tunakaa chumba kimoja cha kupanga, taa ni moja na wadogo wanataka kulala. Basi saa moja ya kusoma ni mali. Tuangalie inavyoweza kutumika kabla ya mtihani wa KCSE, kwa somo moja la historia na mada moja: reli iliyopita hapa kwetu.

Wanafunzi wengi husoma kwa kurudia. Anasoma ukurasa, anapiga mstari, anasoma tena. Mara ya tatu maneno yamekuwa mepesi, naye anadhani ameyashika. Kumbe anayatambua tu akiyaona. Mtihani unamtaka ayatoe kichwani wakati kitabu hakipo.

Mwaka 2006, huko Marekani, wataalamu wawili, Roediger na Karpicke, walilipima jambo hili kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Kuna waliosoma habari fupi mara mbili. Wengine waliisoma mara moja, kisha wakaandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: hao walikumbuka kama mambo 42 katika 100, na wale walioandika kama 56. Yaani njia inayoonekana nyepesi leo ndiyo inayomwangusha mtu wiki ijayo.

Sasa tufanyeje? Jumatatu mtoto asome kurasa za reli kwa dakika 20. Halafu afunge kitabu. Kwenye karatasi tupu aandike vichwa vitatu: sababu za kujenga reli, matatizo ya ujenzi, na matokeo yake. Ajaze anachokumbuka kwa dakika 10, hata kama kichwa kinamuuma. Ndipo afungue kitabu, asahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Jumatano, na tena Jumatatu inayofuata, aanze na karatasi tupu kabla ya kugusa kitabu.

Tuseme chini ya "sababu" ameandika hivi: Waingereza walitaka kuishika Uganda na chanzo cha mto Nile, walitaka kukomesha biashara ya watumwa, walitaka kusafirisha bidhaa, na mji wa Nairobi ukakua. Hiyo ya mwisho ni kweli, lakini haipati alama hapo. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896. Nairobi ilianza kama kambi ya reli mwaka 1899. Reli ikafika Nakuru mwaka 1900, na Kisumu mwaka 1901. Basi kukua kwa Nairobi ni tokeo, si sababu. Akisoma tu kosa hili halionekani, maana kitabu kimeshampangia kila kitu mahali pake. Kwenye karatasi tupu linajitokeza mara moja.

Mama mmoja atauliza, "Nami nisiyejua Kiingereza nisaidie vipi?" Chukua kitabu wewe, na kunde chache mkononi. Mwambie, "Haya, nipe sababu tano za kujenga reli," naye akueleze kwa Kiswahili. Kwa kila sababu weka kunde moja mezani, lakini kwanza muulize, "Kwa vipi?" Swali likisema aeleze mambo matano kwa alama 10, kila jambo lina alama 2, akilitaja tu bila maelezo hazipati zote. Zikifika kunde tatu akakwama, mwache afikiri kidogo kabla ya kumrudishia kitabu. Baadaye aandike yale yale kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo atakavyojibu.

Njia hii ina mipaka yake. Jambo ambalo mtoto hakulielewa tangu mwanzo haliwezi kutolewa kichwani. Hilo apeleke kwa mwalimu. Asiposahihisha, kosa linaweza kukaa kichwani kama ukweli. Na kwa hesabu, kukariri kanuni hakutoshi: afunike jibu la mfano na afanye swali lote mwenyewe, mstari kwa mstari.

Mtoto atanung'unika kuwa sasa anaona hajui kitu. Msishtuke. Zitunzeni karatasi zake tatu na mziweke pamoja: ya Jumatatu, ya Jumatano, na ya Jumatatu ya pili. Tazameni ile rangi ya kusahihishia. Ikizidi kupungua, mada inaingia. Ikibaki vile vile mahali pale pale, hapo ndipo pa kutumia ile saa moja ya taa, wala si ukurasa wa kwanza wa daftari kila usiku.