Deni Linalosafiri na Gari



Chama kinaponunua lori lililokwisha kutumika, aghalabu kamati humtuma fundi asikilize injini na kutazama magurudumu. Hayo ni mema. Lakini huko Kenya lori lenye injini nzuri laweza kuwa rehani kwa mkopeshaji, na mkopeshaji huyo ana haki ya kulichukua hata kutoka mikononi mwa mtu aliyelinunua kwa nia njema. Deni hilo hulifuata gari. Halimfuati muuzaji peke yake.

Rehani huwekwa kwa njia mbili, na kila moja huchunguzwa mahali pake. Njia ya kwanza ni jina la benki au mkopeshaji kuandikwa pamoja na jina la mwenye gari katika cheti cha usajili, ambacho wengi hukiita logibuku. Kwa kuwa cheti chaweza kughushiwa, kutazama karatasi iliyoletwa na muuzaji hakutoshi. Katibu mwenyewe aombe nakala ya kumbukumbu za gari kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA), kwa njia ya eCitizen, akitumia namba ya gari. Ada yake imekuwa shilingi 550. Majibu yataonyesha wamiliki walioandikwa, namba ya chasisi na namba ya injini. Namba hizo zilinganishwe na zile zilizopigwa mhuri katika chuma cha gari lenyewe, wala si na zile za cheti tu.

Njia ya pili ndiyo inayowanasa wengi. Tangu sheria ya haki za dhamana juu ya mali inayohamishika ya mwaka 2017, mkopeshaji aweza kuandikisha dhamana yake katika daftari la pekee bila jina lake kuonekana kwenye cheti cha gari. Basi kumbukumbu za NTSA zaweza kuwa safi ilhali gari limewekwa rehani. Daftari hilo nalo hutafutwa, hasa kwa namba ya kitambulisho cha muuzaji, au kwa namba ya kampuni ikiwa muuzaji ni kampuni. Hapa pana upungufu unaopasa kuangaliwa: ikiwa dhamana iliwekwa na mtu aliyemiliki gari kabla ya muuzaji, jina la muuzaji halitaifichua. Kwa hiyo aulizwe alilinunua kwa nani, na mtu huyo atafutwe pia.

Uchukuliwe mfano wa chama cha maziwa kinachotaka lori kwa shilingi 2,400,000. Uchunguzi waonyesha notisi ya mkopeshaji. Hapana sababu ya kukimbia mara moja, maana huenda deni limekwisha lipwa na notisi haijafutwa bado. Muuzaji na katibu waende pamoja kwa mkopeshaji, wapewe barua inayotaja deni lililobaki na siku ambayo hesabu hiyo itakoma kuwa sahihi, kwa kuwa riba huendelea kukua. Tuseme deni ni shilingi 870,000. Chama hulipa fedha hizo moja kwa moja katika akaunti ya mkopeshaji, kamwe si mkononi mwa muuzaji, na hupewa ahadi ya maandishi kwamba dhamana itafutwa. Uchunguzi hurudiwa. Notisi ikiisha kuondolewa, muuzaji huanzisha uhamisho, chama hukubali, na ndipo salio hutolewa.

Muuzaji anayekataa safari ya kwa mkopeshaji amekwisha jibu swali. Ndivyo ilivyo pia kwa yule mwenye nakala tu ya cheti, akisema kile halisi kipo kwa wakili.

Madeni madogo hayana mashaka makubwa. Leseni ya barabara ya kila mwaka haipo tena Kenya. Wenye magari huchangia barabara kwa ushuru wa mafuta. Hata hivyo, kwa lori la biashara iombwe stakabadhi ya kodi ya awali na cheti cha ukaguzi. Ada za maegesho ambazo hazikulipwa ziulizwe kwa kaunti ambako gari lilikuwa likifanya kazi, kwa kuwa askari wa kaunti hufunga gurudumu kwa kufuata namba ya gari, bila kujali nani alikuwa mwenyewe mwezi uliopita. Katika mfano wetu, zikipatikana shilingi 18,000, zikatwe katika salio, nalo libaki shilingi 1,512,000. Ushuru wa barabara ya mwendo kasi ya Nairobi hulipwa penye kituo, hivyo si kawaida yake kuacha deni.

Uchunguzi wote ufanywe siku ile ile ya kutoa fedha, hata kama ulifanywa wiki iliyopita. Mkopo mpya waweza kuandikishwa kati ya siku hizo mbili. Nacho chama cha akiba kinachomkopesha mwanachama kwa dhamana ya gari, kisitosheke na kufungia cheti kabatini: kisipoandikisha dhamana yake, mnunuzi aliyefuata hatua hizi zote hataiona.