CHANJO ZA WATOTO WA MBWA NA SABABU YA KURUDIWA KWAKE

(Maelezo ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Wafugaji wengi huuliza kwa nini mtoto wa mbwa hudungwa chanjo ile ile mara tatu au nne, ilhali mbwa mkubwa hutosheka na moja. Wengine hudhani kwamba kila sindano huongeza nguvu juu ya iliyotangulia. Kwa chanjo ya pavo, ambao ni ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa kwa wingi, dhana hiyo si sahihi. Sindano moja iliyopokelewa vyema na mwili kwa kawaida hutosha. Tatizo ni kutojua ni ipi kati ya hizo itakayopokelewa.

Chanzo cha mashaka hayo ni dang'a, yaani maziwa ya mwanzo ya mama. Katika siku ya kwanza ya maisha yake, mtoto hupata humo kingamwili za mama yake, nazo humlinda kwa wiki kadhaa. Lakini kingamwili hizo hazitofautishi baina ya kirusi cha maradhi na kirusi kilichodhoofishwa kilichomo katika chanjo. Huvizuia vyote viwili. Mtoto mwenye kinga nyingi ya mama akichanjwa, chanjo hufutwa kabla mwili wake haujajifunza lolote.

Kinga hiyo ya mama hupungua kwa nusu takriban kila siku kumi. Na tuchukue mfano wa hesabu. Watoto watatu wana vipimo vya kingamwili vya 160, 1280 na 5120, kwa kuwa hawakupata dang'a kwa kiasi kimoja, au mama zao hawakuwa na kinga sawa. Tuseme kipimo cha 80 ndicho kinachomlinda mtoto na maradhi, na chanjo haifanyi kazi mpaka kipimo kishuke hadi 10. Mtoto wa kwanza atafika 10 siku ya 40, wa pili siku ya 70, na wa tatu siku ya 90. Wakichanjwa wote katika wiki ya 8, chanjo itashika kwa wa kwanza peke yake. Sindano ya wiki ya 12 itamfaa wa pili, na ya wiki ya 16 itamfaa wa tatu. Kwa macho watoto hao hawatofautiani hata kidogo, na ndiyo maana wote hupewa sindano zote.

Mfano huo unadhihirisha pia hatari iliyopo. Mtoto wa pili hushuka chini ya kipimo cha 80 baada ya siku ya 40, lakini chanjo haiwezi kushika kabla ya siku ya 70. Kwa mwezi mzima hana ulinzi wa kutosha wa mama, wala hawezi kupata wa chanjo. Hakuna ratiba inayoweza kuliondoa pengo hilo. Sindano za kila wiki mbili hadi nne hulifupisha tu. Kwa hiyo mtoto asipelekwe majaani wala penye mbwa wasiochanjwa, kwani kirusi cha pavo huishi ardhini kwa miezi mingi.

Mwongozo wa mwaka 2024 wa Jumuiya ya Kimataifa ya Madaktari wa Wanyama Wadogo unaelekeza chanjo ya pavo ianze katika wiki ya 6 hadi ya 8, na irudiwe hadi wiki ya 16 au zaidi. Jambo la kuangaliwa katika kadi ni umri wa mtoto siku ya sindano ya mwisho, si idadi ya sindano. Mtoto aliyedungwa mara tatu na kumalizia wiki ya 12 hajakamilisha, kwani mtoto wa tatu katika mfano wetu angebaki bila kinga.

Wachache huzuiliwa na kinga ya mama hata katika wiki ya 16. Kwa ajili yao hutolewa sindano nyingine katika wiki ya 26. Zamani sindano hiyo ilingojewa hadi mwaka mmoja, na mtoto ambaye chanjo haikumshika alikaa miezi mingi bila ulinzi pasi na mwenyewe kujua. Anayetaka uhakika anaweza kuomba damu ya mbwa ipimwe kingamwili, wiki nne au zaidi baada ya sindano ya wiki ya 16.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ina utaratibu wake. Hiyo hutengenezwa kwa kirusi kilichouawa, na kwa kawaida hutolewa kuanzia wiki ya 12. Hata hivyo, katika kampeni za uchanjaji wa jumla, watoto wa umri wowote huchanjwa, kwani mbwa aliyerudishwa nyumbani leo huenda asionekane tena. Wafugaji wanaombwa wasiwaache watoto nyumbani siku hizo, na waitunze kadi ya kila mbwa ikiwa na tarehe ya kuzaliwa kwake.