KARANI WA MIZANI: ATHIBITISHWE, AONGEZEWE MUDA AU AACHISHWE?
(Maneno ya Katibu mbele ya mkutano wa wanachama)



Karani akiajiriwa kwa majaribio ya miezi 6, kamati isingoje siku ya mwisho ndipo ikae. Ikae mwezi wa 5, naye mwenyewe awepo.

Tuchukue mfano. Karani analaumiwa kwa mambo mawili. La kwanza, kila gunia likifika ghalani linapungua kilo 2. La pili, stakabadhi haziingizwi daftarini kwa wakati. Wengine watasema: mwizi huyo, aende zake! Hapana ndugu zangu, tupime kwanza.

Wekeni jiwe la kilo 20 kwenye mizani yake. Mshale ukisoma 22, tena gunia kubwa na dogo yote yakizidi kilo zilezile 2, basi mshale hauanzii sufuri. Upungufu ulio sawa kwa kila gunia peke yake si ushahidi wa wizi. Sasa ulizeni: nani alimfundisha kurudisha mshale sufuri kila asubuhi? Kama hakuna, kosa hilo msimhesabie. Mfundisheni leo.

Haya, daftari je? Chukueni nakala za stakabadhi 40 mzilinganishe na daftari. Mkikuta 9 hazimo, na mwezi wa 2 alionywa kwa maandishi, hilo ni lake. Lakini asikieni kwanza. Sheria ya kazi ya Tanzania inataka aelezwe upungufu wake, ajibu, na apewe muda wa kutosha wa kujirekebisha. Anaweza kuja na mfanyakazi mwenzake wa kumsemea.

Hapo kamati iamue. Kumthibitisha bado, maana daftari lina mapengo. Kumwachisha ni mapema, maana kupima anaweza na wizi haukuonekana. Basi, baada ya kushauriana naye, aongezewe miezi 2. Jumla ni 8, na kanuni za mwaka 2007 zinataka majaribio yasizidi miezi 12. Barua iseme wazi: kila stakabadhi iingie daftarini siku hiyohiyo kabla ya kufunga ghala, na kila Jumamosi mweka hazina atakagua. Msiandike tu "ajirekebishe", maana baadaye mtabishana amejirekebisha au hajajirekebisha.

Miezi 2 ikiisha, daftari likiwa safi, apewe barua ya kuthibitishwa. Msinyamaze mkidhani kimya kinatosha. Naye atabaki hajui amesimama wapi. Mapengo yakiwa yaleyale, aachishwe, apewe sababu kwa maandishi. Mwenye mshahara wa mwezi apewe notisi isiyopungua siku 28, au alipwe badala yake, pamoja na mshahara wa siku alizofanya kazi.

Na mmoja wa kamati akiwa ndugu yake au mgomvi wake, siku hiyo akae nje.

Mwenye swali aulize.