Nguo ya Sandukuni: Ibaki, Ishonwe au Itolewe?

Ndugu wasomaji wa Karagwe na Kyerwa, leo tufungue sanduku la nguo. Kila nguo tuifunge uzi shingoni. Siku tukiivaa, tuukate. Tungoje mwaka mzima, vuli na masika zipite, maana sweta la baridi halivaliwi kila mwezi.

Iliyokatwa uzi na imechanika, tuitie kiraka kwanza: ndiyo tunayoivaa.

Yenye uzi bado, tuijaribu. Tuchuchumae kama tunapalilia maharage, tuinue mikono kama tunachuma kahawa. Gauni moja lilibana kiunoni. Tulipoligeuza, mishono ya ubavuni ilikuwa na akiba ya upana wa kidole. Fundi cherehani akalipanua, likabaki. Lingekosa akiba, tungempa ndugu linayemtosha.