Kuomba Ruhusa Fupi za Matibabu Yanayojirudia: Namna ya Kuiandikia Ofisi ya Utumishi



Miongoni mwa wananchi wanaofika kwenye dawati letu la ushauri, wapo wasiolalamikia bidhaa wala bei. Huja na barua waliyokwisha kuiandika kwa mwajiri, ambayo ama haikujibiwa, ama ilijibiwa kwa neno moja: haiwezekani. Mara nyingi hao ni watu wanaotakiwa kufika hospitali kila wiki, kwa saa chache, kwa muda usiojulikana mwisho wake. Hawaumwi kiasi cha kulala kitandani, wala hawako wazima kiasi cha kukosa kwenda. Leo tungependa kuzungumzia barua ya mtu wa namna hiyo, na tutamchukua mfanyakazi anayesafishwa damu kwa mashine kwa sababu figo zake hazifanyi kazi tena.

Tuanze na jinsi sheria inavyohesabu. Kwa mwajiriwa wa Tanzania Bara aliyetimiza miezi sita kazini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara. Sharti lake ni kuwasilisha cheti cha mganga. Watumishi wa umma wanazo kanuni zao za utumishi, nao hawana budi kuzisoma kwanza kabla ya kuandika.

Tazameni sasa neno lililotumika: siku. Sheria haikutaja saa. Aliyelazwa wiki mbili hapati taabu na neno hilo. Kwa anayekosekana saa nne tu, linaweza kuwa mtego, maana asubuhi moja ya Jumanne ikiandikwa kuwa siku nzima, siku za likizo humalizika upesi kuliko ugonjwa wenyewe.

Tuchukue mfano wa mama mmoja mtunza ghala. Anafanya kazi siku tano kwa wiki, tangu saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, na saa 6 hadi saa 7 mchana ni mapumziko. Kwa hiyo kazi yake ni saa nane kwa siku, saa 40 kwa wiki. Daktari amempangia kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila mara hukaa kwenye mashine saa nne. Ukiongeza kupimwa uzito na shinikizo la damu, kuunganishwa na mashine, kisha kusubiri damu ikauke pale sindano zilipochomolewa, inafika kama saa tano.

Barua yake ya kwanza ilikuwa na sentensi mbili. Alisema anaumwa figo, na akaomba aruhusiwe kwenda hospitali mara kwa mara. Afisa utumishi akashindwa kujua ni siku zipi, kwa muda gani, na nani atafungua ghala. Mkuu wake akamruhusu kwa mdomo. Mhifadhi wa daftari la mahudhurio, ambaye hakuambiwa lolote, akaendelea kuandika kwamba hayupo. Hapo ndipo penye hatari kubwa, kwa kuwa miongozo ya utendaji bora ya ajira inahesabu kutokuwapo kazini kwa zaidi ya siku tano za kazi, bila ruhusa wala sababu ya kukubalika, kuwa kosa linaloweza kumwondoa mtu kazini. Ruhusa ya mdomo haionekani katika daftari.

Tulipoketi naye, jambo la kwanza halikuwa barua bali ratiba ya hospitali. Vituo vya kusafisha damu kwa kawaida huwapanga wagonjwa katika makundi mawili: wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na wa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Yeye aliwekwa katika kundi la kwanza, na hakujua kwamba angeweza kuomba kuhamia la pili nafasi ikipatikana. Kwa asiyefanya kazi Jumamosi, badiliko hilo peke yake linaondoa theluthi ya ruhusa zote. Alipata nafasi ya Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, awamu ya alfajiri inayoanza saa 12:30 na kumalizika yapata saa 5:30. Akipumzika na kusafiri, anafika kazini saa 7 mchana. Saa za kazi anazokosa ni nne Jumanne na nne Alhamisi.

Jambo la pili lilikuwa hesabu. Kila ruhusa ikiandikwa siku nzima, anatumia siku mbili kwa wiki. Mshahara kamili ungekoma katikati ya wiki ya 32, na siku zote 126 zingekwisha baada ya wiki 63, hali mzunguko wa miezi 36 una wiki 156. Zikiandikwa saa halisi, anatumia saa nane kwa wiki, yaani siku moja, nazo bado zingekwisha kabla ya mzunguko. Ndipo akakubali kuongeza saa moja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, atoke saa 12 jioni. Siku hizo zinakuwa za saa tisa, ambacho ndicho kikomo cha kawaida cha kisheria kwa siku. Anafidia saa tatu, zinabaki tano kwa wiki. Kwa wiki 156 ni saa 780, sawa na siku 97 na nusu. Likizo inatosha mzunguko mzima, na anabakiwa na takriban siku 28 endapo ataugua malaria au atalazwa.

Jambo la tatu ni cheti. Cheti kisemacho tu kwamba mgonjwa anaendelea na matibabu hakimsaidii afisa utumishi. Kiombwe kieleze siku za matibabu, saa ya kuanza na ya kumaliza, kwamba matibabu hayana tarehe ya mwisho, na kazi gani zisifanywe baada ya matibabu. Hili la mwisho lina uzito. Baada ya kusafishwa damu wengi hupata kizunguzungu na uchovu, kwa kuwa maji mengi yametolewa mwilini na shinikizo hushuka. Mtunza ghala hapaswi kupanda ngazi wala kuendesha mashine ya kunyanyulia mizigo mchana huo. Jina la ugonjwa si lazima liwe katika barua inayopita mikononi mwa makarani. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwajiri akihitaji maelezo zaidi, yatolewe kwa daktari wake katika bahasha iliyofungwa.

Barua yake ya pili ilikuwa hivi:

«Kwa Afisa Utumishi, kupitia Msimamizi wa Ghala.

Yah: Ombi la ruhusa ya saa nne kila Jumanne na Alhamisi kwa ajili ya matibabu.

Husika na somo tajwa hapo juu. Nimepangiwa matibabu yanayojirudia kila wiki, kama cheti cha hospitali kilichoambatishwa kinavyoonyesha. Naomba, kuanzia Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao, kuingia kazini saa 7 mchana kila Jumanne na Alhamisi. Matibabu ya tatu hufanyika Jumamosi, nje ya saa za kazi.

Napendekeza kufidia saa tatu kwa wiki kwa kutoka saa 12 jioni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, bila malipo ya ziada. Saa tano zinazobaki naomba zihesabiwe katika likizo yangu ya ugonjwa kwa saa halisi, kila saa nane zikiwa siku moja.

Kwa asubuhi hizo mbili, msaidizi wangu amekubali kufungua ghala, nami nitaandaa hati za kutolea bidhaa jioni iliyotangulia. Mchana wa Jumanne na Alhamisi naomba nifanye kazi za vitabu, kwa ushauri wa daktari.

Hospitali ikibadili siku au mashine ikiharibika, nitamjulisha msimamizi siku hiyo hiyo na kuleta uthibitisho. Naomba utaratibu huu upitiwe baada ya miezi mitatu, na nipatiwe jibu kwa maandishi ili daftari la mahudhurio lirekebishwe.»

Sentensi inayohusu saa halisi ndiyo inayolinda mshahara. Kwa kuwa sheria imetaja siku, kuzigawa kwa saa ni makubaliano, na makubaliano yasiyoandikwa hayana shahidi. Nayo sentensi ya ghala ndiyo iliyomwezesha afisa kukubali, kwa sababu ilijibu swali ambalo angelazimika kumuuliza msimamizi.

Barua ipelekwe nakala mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi na irudi kwa mwandikaji. Baada ya mwezi wa kwanza, aombe kuona daftari la mahudhurio na aitazame hati yake ya mshahara. Akiona siku nzima zimeandikwa, au makato asiyoyaelewa, alalamike kwa maandishi mwezi huo huo, kabla kosa halijawa mazoea. Yeye pia aweke daftari dogo la tarehe, saa ya kutoka hospitali na saa ya kuingia kazini.

Hatuna budi kueleza mipaka pia. Sheria inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa. Haimlazimishi mwajiri kukubali kila ratiba inayopendekezwa, na mwenye duka la watu wawili anaweza kweli kushindwa. Lakini mwajiri hawezi kumwachisha mtu kazi kwa ugonjwa bila kwanza kuchunguza ukubwa wa tatizo, kumsikiliza, na kuona kama kazi au saa zake zinaweza kurekebishwa. Barua yenye pendekezo kamili inakuwa ushahidi kwamba njia ilikuwapo. Mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, malalamiko ya kuachishwa kazi yafunguliwe ndani ya siku 30, na ya mambo mengine ndani ya siku 60. Wengi hupoteza haki kwa kusubiri jibu la barua ya tatu na ya nne huku siku zikipita.

Mama huyo alijibiwa baada ya siku tisa. Mwajiri alikubali yote isipokuwa moja: Alhamisi ya mwisho wa mwezi, siku ya kuhesabu mali, alitakiwa kuwapo asubuhi. Hakukataa wala hakukubali papo hapo. Alirudi hospitali kuuliza, akaambiwa kwamba kwa wiki hiyo moja anaweza kupewa awamu ya jioni, mradi aombe siku saba kabla. Akaliandika hilo, likatiwa saini na pande zote mbili, na nakala yake anayo nyumbani.