Feza iko kwenye konti, lakini malipo yanakataa: juu ya nini?

Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa wanachama wa Masisi na Walikale



Wengi wenu mnatuuliza: karatasi ya banki inaonyesha feza nyingi, basi mbona mwenye kuuza mbegu hajalipwa? Hapo watu wanaanza kufikiri vibaya juu ya mtunza feza. Leo tuieleze vizuri.

Konti moja iko na salio mbili. Ya kwanza, banki inaiandika "Solde comptable": ni yote yaliyoandikwa katika daftari. Ya pili ni "Solde disponible": ni ile mnaweza kutumia leo. Malipo yanapimwa kwa hii ya pili.

Tuchukue mfano. Daftari inasema dola 2,400. Ndani yake, dola 900 ni sheki ya mfadhili kutoka banki ingine. Imekwisha kuandikwa, lakini feza yenyewe haijafika. Dola 400 zimezuiliwa, kwani tulikwisha kutoa amri ya kulipa mabati na amri hiyo haijamalizika. Dola 50 ndizo sherti zibaki kwenye konti siku zote. Toa zote: inabaki 1,050. Mbegu na majembe ni 1,200. Malipo yanakataa, na hakuna aliyeiba.

Angalieni tena: hata amri ya 1,045 inaweza kukataa, kama banki inakata dola 15 za kutuma.

Mabati yakilipwa, daftari itashuka kufika 2,000, lakini ile ya kutumia itabaki 1,050 palepale. Feza hiyo ilikuwa imekwisha kuwekwa kando. Kwa hiyo msishituke mkiona daftari imeshuka.

Hatari kubwa ni kurudilia amri mara mbili, mara tatu. Pengine amri iliyokwama imekwisha kuzuia feza, na ya pili inazuia ingine juu yake. Kwanza mtunza feza aombe banki orodha ya feza zilizozuiliwa, kila moja na tarehe yake na namba yake. Kama kuna amri iliyokataliwa na feza yake ingali imefungwa, aombe kwa barua ifunguliwe, akitaja namba hiyo.

Katika mfano wetu tungelipa mbegu kwanza, dola 800, kwani msimu wa Septemba haungoji. Majembe yangefuata siku sheki imekomaa. Na ninyi wafadhili, sheki inayofika juma lile la kununua haisaidii juma hilo, tumeni mapema.

Tangu sasa tunaomba ripoti ya kila mwezi iwe na mistari mitatu: ya daftari, iliyozuiliwa na sababu yake, na ya kutumia. Kabla ya kuahidi mtu malipo, tusome mstari wa tatu.